Mama anachafukwa na bahari: tuchukue kabini gani kwenye meli ya Mediterania?

Assalaam alaykum mshauri. Tunaishi Bavaria, Ujerumani: mimi, mume wangu na mtoto wetu wa miaka 9. Mama yangu wa miaka 66 atakuja kututembelea kutoka Unguja kwa viza ya Schengen ya kuingia mara moja. Sisi wengine tuna pasi za Ujerumani. Tunataka kumpeleka matembezi ya meli ya usiku 7 kuanzia Genoa, ama likizo ya Pasaka ama mwanzoni mwa Septemba. Tatizo ni kwamba mama kila akipanda boti ya Unguja na Dar hutapika, na anatumia dawa ya presha.

Wakala ametupa njia mbili. Ya kwanza: Genoa, Civitavecchia, Palermo, siku moja baharini, Palma, Barcelona, Marseille, kurudi Genoa. Ya pili ni hiyo hiyo ila badala ya Palma inapita La Goulette, Tunisia, na ni nafuu kwa yuro 60. Bei zetu sote wanne: kabini moja ya ndani yuro 1,690, kabini moja yenye roshani yuro 2,490, kabini mbili, moja ya dirisha na moja ya ndani, yuro 2,380. Mume wangu anataka roshani ili mama apate hewa. Au anasema tuache yote, tupande feri ya usiku kutoka Genoa hadi Palermo na gari letu. Nimeambatisha karatasi ya bei za ziada, maana sielewi zipi ni lazima.
Mama Salim

Waalaykum salaam Mama Salim. Nenda Septemba, chukua njia ya kwanza, na lipia kabini mbili. Roshani iache. Vifurushi vyote vilivyo kwenye karatasi yako usivinunue sasa. Nitakueleza kwa nini, na nitaanza na mama kwa sababu yeye ndiye anayeamua karibu kila kitu kingine.

Boti ziendazo kasi baina ya bandari ya Malindi, Unguja, na Dar ni nyepesi, zina maganda mawili, na urefu wake ni kama mita 40. Boti ya namna hiyo hupanda kila wimbi na kushuka nalo. Wakati wa kusi mkondo wa Unguja huchafuka, na mwendo wa juu na chini unaojirudia kila sekunde tano au sita ndio hasa unaovuruga tumbo la binadamu. Ongeza madirisha yasiyofunguka, kiyoyozi, na harufu ya abiria mwingine aliyekwisha kutapika. Sikio la ndani linamwambia mtu anatikisika, macho yanaona kiti kilichotulia, ubongo unachanganyikiwa, na tumbo ndilo linalolipa. Meli ya kitalii ya mita 300 hukaa juu ya mawimbi kadhaa kwa wakati mmoja, hivyo wimbi moja moja haliinyanyui. Chini ya maji ina mapezi mawili yanayochomoza ubavuni na kupunguza mrama wakati meli inatembea. Kwa hiyo kutapika kwenye boti si dalili kwamba mama atatapika wiki nzima. Lakini pia usimwahidi kwamba hatasikia chochote, kwa sababu mapezi hayo hutuliza mrama wa ubavu kwa ubavu tu. Omo inapopanda na kushuka, hayasaidii.

Kwenye njia yako sehemu ya kuangaliwa ni usiku wa Barcelona kwenda Marseille. Hapo meli inakata Ghuba ya Simba, ambako upepo uitwao mistrali hushuka kwa nguvu kupitia bonde la mto Rhône na kutokea baharini. Unaweza kuvuma mwezi wowote, lakini nguvu yake kubwa ni majira ya baridi na ya kuchipua, na Pasaka imo humo. Mwanzoni mwa Septemba bahari bado ina joto na kwa kawaida imetulia zaidi. Hiyo peke yake inatosha kuamua mwezi.

Sasa roshani. Wazo la mume wako ni la upendo, ila linampeleka mama mahali pabaya. Kwenye meli kubwa kabini nyingi za roshani ziko sitaha za juu. Meli ikilala kwa nyuzi 2 tu, mtu aliye mita 10 juu ya mhimili wa mrama husogezwa kama sentimita 35, na aliye mita 40 juu husogezwa karibu mita 1.4. Meli ni ile ile na wimbi ni lile lile. Urefu wa meli nao una hesabu yake. Omo ikipanda kwa nyuzi 1, kabini iliyo mita 140 kutoka katikati hupanda karibu mita 2.4 kisha ikashuka hivyo hivyo, na iliyo katikati haisogei hata kidogo cha kutajika. Kwa hiyo kabini ya mtu anayechafukwa ni ya chini na ya katikati, kati ya omo na tezi. Hewa ya bure ipo kwenye sitaha ya wazi, na siku yenye upepo mkali ni huko huko mtakakokwenda, kwa sababu mlango wa roshani hauwezi kukaa wazi.

Dirisha lina kazi kubwa kuliko roshani. Likiwa sitaha ya chini, mama akikaa kitandani anaona mstari wa upeo wa bahari, na macho yake yanakubaliana na sikio. Hapa lakini kuna mtego ambao wakala hatakutajia usipomuuliza: kwenye meli nyingi kabini za dirisha zimerundikwa upande wa omo. Huko ndiko kunakopanda na kushuka zaidi, na ndiko kuliko na mashine za kusukumia meli ubavu inapofunga gati. Zikiwashwa alfajiri kitanda kizima hutetemeka. Mwombe wakala namba ya kabini kabla ya kulipa, ufungue ramani ya sitaha kwenye tovuti ya kampuni, uitafute namba hiyo kwa macho yako. Ukikuta dirisha zilizobaki ni za omo tu, mpe mama kabini ya ndani iliyo chini na katikati. Atalala vizuri zaidi gizani mahali palipotulia kuliko kwenye dirisha linalopanda na kushuka.

Ukiwa kwenye ramani hiyo, angalia pia kilichoko juu na chini ya kabini. Iliyo chini ya sitaha ya bwawa husikia viti vikiburutwa tangu alfajiri. Iliyo juu ya ukumbi wa maonyesho au muziki hutikiswa hadi usiku wa manane. Salama ni ile ambayo juu yake kuna kabini na chini yake kuna kabini. Kama imeandikwa kwamba mandhari yake yamezibwa, maana yake dirisha linatazama boti ya kuokolea, na hapo upeo wa bahari hauonekani. Na iliyo na mlango wa kuunganisha na ya jirani hupitisha sauti. Ni nzuri iwapo jirani ni wewe mwenyewe.

Bei ya chini kabisa kwenye matangazo huwa ni ya kabini unayopangiwa na kampuni siku za mwisho. Unalipia aina, si namba. Kwa kijana asiyejali ni bei nzuri. Kwenu ninyi hapana, maana inaweza kuangukia popote, ikiwemo omo. Mwulize wakala kama ile yuro 2,380 ni ya namba mtakazozichagua ama za kupangiwa. Kama ni za kupangiwa, uliza tofauti ni kiasi gani, na hiyo lipa bila kusita. Ndiyo pesa ya ziada yenye faida kubwa kuliko zote kwenye safari yenu.

Kuhusu wanne kwenye kabini moja: kabini ya kawaida ya ndani ina kama mita za mraba 15. Vitanda viwili viko chini, na viwili vingine hukunjuliwa kutoka darini au ukutani na kupandwa kwa ngazi. Salim atafurahi kupanda. Wa pili atakayepanda ni wewe au mume wako, kwa usiku 7, na choo ni kimoja. Mtu akichafukwa usiku, wote wanne mtakesha. Katika kabini mbili, lala wewe na mama kwenye ya dirisha, baba na mtoto walale kwenye ya ndani. Mwambie wakala aandike hivyo tangu mwanzo, na aziweke kwenye korido moja.

Dawa iandaliwe kabla hamjaondoka nyumbani. Ujerumani, dimenhidrinati ya miligramu 50 inauzwa duka la dawa bila cheti. Humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kusafiri, na ikichelewa hadi kutapika kumeanza haina mahali pa kukaa, itarudi na matapishi. Huko Unguja pengine mama amezoea sinarizini, ambayo nayo humezwa mapema, kama saa mbili kabla. Zote mbili huleta usingizi, na zinaweza kugongana na dawa nyingine. Kwa hiyo chukua jina la dawa yake ya presha pamoja na kipimo chake, umwonyeshe daktari au mfamasia, yeye ndiye akuchagulie. Kisha mama ajaribu kidonge kimoja nyumbani, siku ambayo hana pa kwenda, mwone kama kinamlevya. Mzee anayeyumba kwa dawa ndani ya meli inayoyumba huanguka bafuni.

Kuna pia kibandiko cha skopolamini kinachowekwa nyuma ya sikio na kufanya kazi kwa siku 3. Watu wengi hukisifu, lakini kwa umri wa mama nisingekitaka. Kwa wazee kinaweza kuleta kuchanganyikiwa, na hakifai kabisa kwa mwenye presha ya macho au anayepata shida kukojoa. Tangawizi haina madhara hayo, mpe. Asikae na njaa: biskuti kavu na kipande cha tofaa humsaidia kuliko tumbo tupu. Akianza kusikia kigegezi, asiangalie simu. Mtoeni sitaha ya wazi katikati ya meli, atazame upeo. Hospitali ya melini ipo, ila hulipiwa, na bei zake ni kubwa. Bima ya viza ya mama inapaswa kufika angalau yuro 30,000, lakini soma kama inagharamia matibabu yaliyotolewa baharini.

Njia ya pili ifutwe, na sababu si La Goulette yenyewe. Italia, Uhispania na Ufaransa zote zimo Schengen, Tunisia haimo. Meli ikitia nanga Tunisia mama atakuwa ametoka Schengen, na viza yake ya kuingia mara moja haimruhusu kurudi. Meli nyingi hukagua hilo wakati wa kupanda pale Genoa. Abiria asiye na viza ya kuingia zaidi ya mara moja hubaki gatini, na nauli hairudishwi. Yuro 60 haziwezi kulipia hilo. Kama mama bado hajaomba viza, ombeni ya kuingia mara nyingi kwa kuambatisha ratiba ya meli, kwani ratiba hubadilika na meli inaweza kupelekwa bandari nyingine.

Sasa saa za bandarini, ambazo kwenye karatasi huonekana nyingi kuliko zilivyo. Chukua Civitavecchia. Imeandikwa meli itakuwepo saa 1:30 asubuhi hadi saa 1:00 usiku, yaani saa 11 na nusu. Watu huanza kushuka baada ya mamlaka kuruhusu, na kwa familia yenye mzee na mtoto hesabu kwamba mtakanyaga gati saa 2:15. Basi la bandari linawapeleka Largo della Pace, kutoka hapo kuna basi la kwenda stesheni, na mpaka mpate tiketi imefika saa 3:00. Treni inachukua dakika 45 hadi saa moja kufika kituo cha Roma San Pietro. Shukeni hapo, msiendelee mpaka stesheni kuu ya Termini, kwa sababu Vatikani iko umbali wa kama robo saa kwa miguu. Ni saa 4:00. Kurudi, wote mnatakiwa mwe ndani ya meli kama nusu saa kabla haijang'oa, yaani saa 12:30 jioni, na mimi ningetaka mwe stesheni ya Civitavecchia saa 11:00. Hiyo inamaanisha treni ya kuondoka Roma kama saa 9:45 alasiri. Saa 11 na nusu za kwenye karatasi zimekuwa 5 na dakika 45, tena ndani yake kuna foleni ya usalama ya Basilika la Mtakatifu Petro na jua la Septemba.

Katika saa hizo chagueni kitu kimoja. Uwanja wa Mtakatifu Petro, kisha chakula cha mchana, kisha kutembea hadi mto Tiber na kurudi kituoni: hiyo mama anaiweza. Koloseo na Vatikani siku moja hawezi, na wala wewe hutafurahia. Tiketi za treni ya kawaida ni yuro chache kwa mtu kila upande, wakati safari ya basi la meli kwenye karatasi yako ni yuro 280 kwa wanne. Tofauti iliyopo ni hii: basi la meli likichelewa, meli husubiri. Treni yako ikichelewa, meli huondoka, na mtajigharamia wenyewe kuifuata bandari inayofuata. Ndiyo maana nimekuachia treni ya akiba. Wiki moja kabla, angalia kama kuna mgomo wa treni uliotangazwa Italia, kwa kuwa migomo huko hutangazwa mapema. Ukiona upo siku yenu, nunua basi la meli bila kufikiri mara mbili.

Palermo ni kinyume chake. Gati iko mjini, mnashuka na kutembea. Saa 9 za bandarini, kuanzia saa 3:00 asubuhi hadi saa 12:00 jioni, hubaki 7 na zaidi bila treni wala basi. Ikulu ya Wanormani iko kama kilomita 2 kutoka bandarini, teksi inawafikisha. Ndani yake kuna kanisa dogo la Cappella Palatina la mfalme Roger wa Pili, la karne ya 12. Dari yake ya mbao ilichongwa na kupakwa rangi kwa ufundi wa Kiislamu, na ina maandishi ya Kiarabu. Mama aliyesoma chuoni Unguja atainua kichwa na kuyatambua yale maumbo, na sidhani kuna bandari nyingine katika njia hii itakayomgusa kama hiyo. Safari ya meli ya yuro 185 hapa haina maana yoyote, iacheni.

Palma, gati iko kilomita chache kutoka kanisa kuu, na basi la mji linafika. Barcelona, kutoka gati za mbali kuna basi la kulipia hadi kwenye mnara wa Kolumbasi, na hapo mko mwanzo wa mji. Marseille gati iko mbali na Bandari ya Kale, na basi la meli kwenye karatasi yako ni yuro 15 kwa mtu. Kama usiku uliotangulia mistrali imewatikisa, mwacheni mama apumzike. Meli siku hiyo huwa tupu na kimya, na bafe haina foleni.

Nimepitia karatasi yako ya bei. Kilicho lazima ni kimoja: ada ya huduma, yuro 12 kwa mtu mzima kwa usiku na yuro 6 kwa mtoto. Watu wazima watatu kwa usiku 7 ni yuro 252, Salim yuro 42, jumla 294. Hiyo hukatwa yenyewe kwenye hesabu yenu ya melini, iweke kwenye bajeti kana kwamba ni nauli. Maegesho ya gari Genoa, yuro 110, nayo hayakwepeki kama mnaendesha.

Kinachobaki ni hiari, na ndicho kinachovimbisha bei. Kifurushi cha vinywaji visivyo na kileo ni yuro 22 kwa mtu mzima na yuro 12 kwa mtoto kwa siku, yaani yuro 546 kwa wiki kwa nyote. Kwa kawaida watu wazima wa kabini moja hulazimika kununua wote, hata anayekunywa maji matupu. Ili mtu afidie yuro 22 lazima anywe kama vinywaji sita vya kulipia kila siku, siku tano kati ya hizo mkiwa mjini kutwa. Wakati huo huo maji, chai na kahawa kwenye bafe asubuhi ni vya bure. Tengeni yuro 70 kwa soda za Salim, kahawa za jioni na chupa ya maji mezani. Mkiagiza, tazama chini ya menyu kama bei imeshajumlisha asilimia ya huduma au itaongezwa baadaye.

Intaneti ya vifaa viwili ni yuro 150. Laini zenu za Ujerumani zinafanya kazi Italia, Uhispania na Ufaransa bila nyongeza, hivyo kila siku isipokuwa moja mtakuwa na mtandao bandarini. Hatari iko baharini. Meli ina mtandao wake wa simu wa setilaiti, ambao hauhusiki na kanuni za Umoja wa Ulaya, na simu hujiunga nao yenyewe. Kabla meli haijatoka bandarini, simu zote ziwekwe hali ya ndegeni, na ya mama uiweke wewe mwenyewe, kwa sababu laini yake ya Tanzania hutozwa hata zaidi.

Kwa hiyo hesabu ya roshani pamoja na kila kilichopendekezwa ni hii: 2,490, ada 294, vinywaji 546, intaneti 150, Roma 280, Palermo 185, maegesho 110, basi la Marseille 60. Inafika yuro 4,115. Hesabu ya kabini mbili kwa njia niliyoieleza: 2,380, ada 294, vinywaji 70, treni za Roma na mabasi kama 60, maegesho 110, Marseille 60. Ni yuro 2,974. Kabini moja ya ndani ya 1,690 ingeshuka hadi 2,284, na hizo yuro 690 za tofauti ndizo zinazomnunulia mama dirisha, kitanda cha chini na choo kisicho na foleni. Kama uwezo upo, hapo ndipo pa kuziweka.

Chakula: usichukulie kwamba nyama ni halali kwa kuwa meli imejaa mataifa. Wakala aandike ombi kwenye uhifadhi, na siku ya kwanza mkutane na msimamizi wa mkahawa. Samaki na vyakula vya mboga hupatikana kila siku. Jeli na vitamu vyenye jelatini viulizieni.

Feri ya mume wako si wazo baya, ila ni safari ya aina nyingine. Genoa hadi Palermo ni kama saa 20, na mkifika mnakuwa na gari na siku nzima nzima Sicily, badala ya saa 7 za gatini. Kwa mtu anayechafukwa ni usiku miwili tu baharini, kwenda na kurudi. Lakini feri ni fupi kuliko meli ya kitalii na hucheza zaidi, harufu ya dizeli hupanda kutoka sitaha ya magari, na kiti cha kulalia hakimfai mama hata kidogo, ni lazima kabini. Bei yake hujengwa kwa vipande: mtu, kabini, gari kwa urefu wake, na chakula. Kabla ya kuilinganisha na yuro 2,974 ongeza nyumba ya kupanga na mafuta kwa wiki nzima. Ikiwa hamu yenu ni Sicily, feri inashinda. Ikiwa ni mama aone miji mitano bila kufungua na kufunga mabegi, inashindwa. Na mkiichukua, shusheni mfuko wa dawa, nguo za usiku na kitambulisho kutoka garini kabla ya kupanda juu, kwa kuwa sitaha ya magari hufungwa meli ikishaondoka.

Kabla ya kutoa arubuni, pata kwa wakala mambo haya kwa maandishi: namba mbili za kabini, majina ya watakaolala katika kila moja, bei ambayo kodi za bandari zimo ndani yake, na tarehe ya mwisho ya kughairi pamoja na kiasi kinachokatwa. Hiyo tarehe ilinganishe na siku ambayo jibu la viza ya mama linatarajiwa. Kama jibu litakuja baada yake, chukua bima ya kughairi, na usome kama kukataliwa viza kumo kwenye sababu zinazolipwa. Mara nyingi hakumo, na hapo itabidi msubiri viza kwanza ndipo mlipe.